Mjadala: "Kima cha chini kiliongeza ajira kwa 2.76" – sentensi hii ina kosa gani?

Mwanafunzi wa Tudor
Insha yangu ya kutathmini sera ni ile kesi ya New Jersey, 1992: jimbo hilo la Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na David Card na Alan Krueger wakahesabu ajira kwenye mikahawa ya huko na ya jirani yake Pennsylvania, kabla na baada ya sheria. Nimeandika: "Kupandishwa kwa kima cha chini kuliongeza ajira kwa wafanyakazi 2.76 katika kila mkahawa." Mwalimu kapiga mstari mwekundu, na pembeni kaandika: "Nani aliongeza?" Namba nimeinakili sawasawa. Kosa liko wapi?

Hesabu za Kibokoni
Weka namba nne mezani kwanza. New Jersey ilikuwa na wastani wa wafanyakazi 20.44 kwa mkahawa kabla ya sheria, ikawa 21.03 baadaye. Pennsylvania ya mashariki, ambako kima kilibaki dola 4.25, ilikuwa na 23.33, ikawa 21.17. Mmoja kapanda 0.59, mwenzake kashuka 2.16. Ukiondoa hii kwenye ile unapata 2.76 (kwa mkono itakujia 2.75, ni desimali zilizokatwa tu). Sasa angalia uzito uko upande gani: zaidi ya robo tatu ya 2.76 imeletwa na jirani aliyeporomoka. New Jersey yenyewe ilisimama karibu palepale. Ndiyo maana unaulizwa nani aliongeza.

Kuna jambo la pili. Hiyo 2.76 si vichwa vya watu. Waliwahesabu wa kutwa na mameneja mmoja mmoja, na wa nusu siku akahesabiwa nusu. Mkahawa ukimpa kijana wa nusu siku zamu ya kutwa, namba inapanda 0.5 na hakuna aliyeajiriwa.

Sahani ya Mwembe Tayari
Mimi nina mkahawa, wapishi watatu na wahudumu watano. Mshahara ukipanda Mei Mosi, mhudumu mmoja anakwenda nyumbani. Sihitaji Pennsylvania kujua hilo.

Hesabu za Kibokoni
Bwana Sahani, Mei hapa Mombasa ni masika, hoteli nusu zi tupu na wageni wamekwisha. Ungempunguza huyo mhudumu hata kama serikali haikusema neno. Jirani anatafutwa kwa sababu hiyo: tuone yeye alipunguza wangapi kwa mvua ileile bila ya nyongeza.

Sahani ya Mwembe Tayari
Mvua hainidai mshahara mwisho wa mwezi. Nyinyi wa vitabu mna dharau sana.

Mkaa Nyali
Tusimchanganye mwanafunzi. Makadirio ni 2.76, na kosa sanifu, yaani kiasi makadirio yanavyoweza kuyumba kwa bahati tu, ni 1.36. Gawanya, unapata 2.03, imepita 1.96, kile kizingiti cha asilimia 95. Imethibitika, sheria iliongeza ajira. Na David Card alipewa Nobeli 2019 kwa kazi hiyohiyo, sasa mwalimu anabishana na nani?

Saada wa Likoni
Nobeli ni 2021, kakangu. 2019 ndio mwaka Alan Krueger alipofariki. Na hiyo 2.76 yako ikigeuzwa kuwa masafa ya asilimia 95 inatoka 0.09 mpaka 5.43. Yaani karibu hakuna kitu, mpaka zaidi ya robo ya wafanyakazi wa mkahawa mzima. Ukiandika "imethibitika" juu ya masafa mapana namna hiyo, huo mstari mwekundu ni halali yako.

Tena 1.36 inahesabu mikahawa 410 kana kwamba kila mmoja ni shahidi huru. Lakini sheria ilishuka juu ya jimbo, na majimbo ni mawili tu. Ikiwa Pennsylvania ilikuwa na balaa lake mwaka ule, mikahawa yake yote 79 ilipata balaa lilelile kwa pamoja. Kuongeza mikahawa hakukuongezei jimbo. Amri ya kawaida katika Stata ni hii, `fte` ikiwa ajira ya mkahawa, `nj` jimbo, na `post` kipimo cha baada ya sheria:

```
reg fte i.nj##i.post, vce(cluster store)
```

Kosa sanifu linalotoka hapo linajua kuwa mkahawa mmoja umepimwa mara mbili. Habari za balaa la jimbo halizijui kabisa, na huwezi kuandika `cluster(state)` ukiwa na majimbo mawili ukatarajia jibu la maana.

Mkaa Nyali
Kakangu ya nini? Nimekosea mwaka mmoja wa tuzo, sikukosea hesabu. Na kama mambo ni ya majimbo mawili, basi tuwache Marekani. Chukueni Mombasa na Mtwapa. Daraja moja katikati, wateja walewale, huku kima kikubwa, kule kidogo. Hicho ndicho kipimo safi.

Mtwapa Ndani
"Kule" ndio wapi? Mtwapa kuna mahoteli na mabenki, kuna foleni kushinda Nyali yenu. Nani kasema sisi ni mashambani?

Mkaa Nyali
Si mimi. Agizo la mishahara ndilo lililosema. Mombasa imetajwa pamoja na Nairobi, kisha manispaa za zamani, kisha "sehemu nyinginezo". Mtwapa haikuwa manispaa. Mko nyinginezo.

Mtwapa Ndani
Nyinginezo! Haya, na kodi ya nyumba nayo ni ya nyinginezo? Mbona wenye nyumba hawajalisoma hilo agizo?

Hesabu za Kibokoni
Bwana Mtwapa, kodi tutaijadili siku nyingine, lakini umemwokoa mwanafunzi bila kukusudia, maana hicho "kipimo safi" si safi. Agizo la Mei 2022 lilipandisha kila mahali asilimia 12. Kibarua wa kawaida Mombasa alitoka shilingi 13,572.90 akafika 15,201.65. Wa sehemu nyinginezo alitoka 7,240.95 akafika 8,109.90. Huku nyongeza ya 1,628.75, kule 868.95. Nani hapo hakuguswa? Wote wawili wamekunywa dawa, tofauti ni kijiko. Ukitoa badiliko la Mtwapa kwenye la Mombasa ukapata sifuri, huwezi kusema nyongeza haikuathiri ajira. Labda iliathiri pande zote mbili sawasawa, na wewe umeifuta kwa mkono wako.

Mkaa Nyali
Basi nipime kwa shilingi badala ya ndiyo na la. Waliopata 1,628 dhidi ya waliopata 868.

Hesabu za Kibokoni
Unaweza, ila sasa umebadilisha swali. Hapo unauliza shilingi 760 za ziada zinafanya nini, na unadhani kila shilingi ina nguvu sawa Kongowea na Mtwapa. Hata kwa kulinganisha asilimia haisaidii, kwa kuwa asilimia ni ileile.

Mtwapa Ndani
Na kabla hamjapima chochote, nani alilipwa hizo 8,109? Wahudumu wengi huku ni wa kibarua cha siku, agizo hawalijui wala tajiri halijui.

Saada wa Likoni
Hili ndilo neno la maana kuliko yote tangu asubuhi, na mwanafunzi alitie kwenye insha yake kabla ya 2.76. Kabla ya kusema nyongeza ilifanya nini kwenye ajira, onyesha kwanza kuwa mshahara ulipanda kweli. New Jersey iko wazi: mshahara wa kuanzia ulikuwa wastani wa dola 4.61 kwa saa, ukawa 5.08, na mikahawa kama 85 katika kila 100 ikawa inalipa 5.05 kamili. Pennsylvania ilikuwa 4.63, ikawa 4.62. Mshahara ulisogea upande mmoja tu, upande uliotarajiwa. Bila ya jedwali hilo, ajira isiyobadilika yaweza kumaanisha tu kuwa sheria ilibaki kwenye karatasi.

Sahani ya Mwembe Tayari
Kwa hivyo mnasema hatulipi?

Saada wa Likoni
Hakuna aliyekutaja, babangu.

Mwanafunzi wa Tudor
Ahsanteni. Nimeigeuza hivi: "Kati ya Februari-Machi na Novemba-Desemba 1992 ajira New Jersey ilibaki karibu palepale (20.44 hadi 21.03), huku Pennsylvania ya mashariki ikishuka kwa 2.16. Ikiwa New Jersey nayo ingeshuka kiasi hicho bila ya sheria, basi athari ni 2.76 kwa mkahawa, kwa kipimo cha wafanyakazi wa kutwa." Lakini nitajuaje kama ingeshuka? Vipimo vya kabla ni kimoja tu, sina mwelekeo wa kuchora.

Saada wa Likoni
Sentensi imekaa. "Ikiwa" hiyo ndiyo iliyobeba mzigo wote, usiruhusu mtu akuondolee.

Kuhusu kujua: kwa vipimo viwili huwezi kuona mielekeo, lakini upo mlango wa pili ndani ya New Jersey yenyewe. Kuna mikahawa iliyokuwa inalipa dola 5.00 au zaidi kabla ya sheria. Hiyo sheria haikuisukuma kwa lolote la maana. Ajira yake ilitoka 22.25 ikashuka mpaka 20.21, yaani chini 2.04. Sasa kumbuka Pennsylvania: chini 2.16. Na mikahawa iliyokuwa inalipa 4.25 kamili, ambayo ndiyo iliyobanwa, ilitoka 19.56 ikafika 20.88. Wasioguswa ndani ya jimbo wameanguka kama wasioguswa nje ya jimbo. Anayesema Pennsylvania ilikuwa na balaa lake peke yake inabidi aeleze hapo.

Mkaa Nyali
Si ndiyo nilivyosema mwanzo, imethibitika?

Hesabu za Kibokoni
Hukusema hivyo, ulisema 1.96.

Bi Saada, hoja ni nzuri lakini mimi bado nina wasiwasi nayo. Tazama walioanza juu: 23.33 wameshuka, 22.25 wameshuka. Walioanza chini, 19.56, wamepanda. Baadaye wote wamekusanyika kati ya 20.21 na 21.17. Namba zenyewe ziliulizwa kwa simu, na meneja akikisia siku ile "tuko thelathini", mara ya pili atakisia karibu na wastani. Mchezo huo peke yake unaweza kuwashusha wa juu na kuwapandisha wa chini, bila ya sheria yoyote.

Saada wa Likoni
Kelele za meneja mmoja mmoja hufutana ukichukua wastani wa mikahawa 79. Hazishushi kundi zima kwa 2.16, maana Pennsylvania ilichaguliwa kwa mpaka, haikuchaguliwa kwa ukubwa.

Hesabu za Kibokoni
Kwa Pennsylvania nakubali. Kwa wale wa 5.00 sikubali, hao wamechaguliwa kwa mshahara, na mkahawa mkubwa ndio wenye kulipa zaidi. Na usisahau kuwa watafiti wengine, Neumark na Wascher, walipochukua madaftari ya malipo badala ya simu, ishara iligeuka ikawa hasi. Card na Krueger wakarudi 2000 na takwimu za serikali, wakapata athari ndogo isiyotofautika na sifuri.

Mwanafunzi wa Tudor
Kwa hivyo niandike sifuri au 2.76?

Saada wa Likoni
Andika 2.76 na masafa yake, kisha aya inayofuata useme takwimu za serikali zilileta kitu karibu na sifuri. Swali la insha yako lilikuwa kama ajira ilipungua vile ilivyohofiwa, au lilikuwa kama iliongezeka? Maana hizo ni insha mbili.

Mwanafunzi wa Tudor
Hebu niisome tena karatasi ya swali.

Mtwapa Ndani
Na agizo lijalo waandike jina letu. Nyinginezo, jamani.