Dokezo langu la likizo lina kosa, nalisahihishaje bila kuwachanganya watu?

KaraniWaTabata
Wakuu, habari za jioni. Niko utumishi kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar, upande wa Barabara ya Nyerere. Tuko kama 60, kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa. Juzi, Jumatatu, nilitoa dokezo kwamba likizo ya mwaka ni "siku 28 za kazi, bila kuhesabu sikukuu". Nilikosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa humohumo.

Dokezo liko ubaoni na kwenye kundi la Wasapu. Wanne wameshajaza fomu. Dereva mmoja kaandika anaanza 1 Desemba, anarudi 15 Januari, na keshampigia mama yake Sengerema kwamba harusi ya mdogo wake ya tarehe 10 Januari atakuwepo. Kwa hesabu sahihi anatakiwa kazini 29 Desemba.

Bosi anataka lisahihishwe kesho. Rasimu yangu inaanza "Kutokana na hitilafu zilizojitokeza" na ina aya tatu. Naogopa watu watabaki na karatasi mbili zinazopingana, na kuanzia hapo hakuna atakayeamini ninachobandika. Naombeni ushauri.

KijanaWaTemeke
Usijitie presha. Bandua la zamani, futa kule kwenye kundi, rekebisha hilo neno, weka upya kwa tarehe ileile na kumbukumbu namba ileile. Wengi hata hawakusoma.

BabaNeema
Mwajiri kukupunguzia likizo ni kosa. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usiogope.

KaraniWaTabata
Baba Neema, hakuna aliyepunguziwa. Ni mimi niliyeandika vibaya.

MamaMasjala
Mdogo wangu, nimekaa masjala miaka mingi. Kijana yuko sahihi kwenye kubandua tu. Waliosoma wameshalipiga picha. Ukitoa jingine kwa namba ileile, mtu na msimamizi wake watabishana kila mmoja ana karatasi halali mkononi. Lipe namba mpya na tarehe ya siku unayolitoa, na ulitaje la zamani kwa tarehe yake. Nakala ya zamani ibaki kwenye faili, imeandikwa "limebadilishwa" na namba ya jipya.

"Hitilafu zilizojitokeza" iondoe. Hitilafu haikujitokeza, mtu aliandika. Msomaji akiona unazunguka, anahisi kampuni imegeuka na inatafuta maneno. Anza na jambo lililo sahihi, kosa lifuate kwa sentensi moja. Wala usiyanukuu yale maneno ya zamani, maana anayesoma amesimama huku anawahi daladala ataondoka nayo hayohayo. Mimi ningeandika hivi:

"YAH: SIKU ZA LIKIZO YA MWAKA – MASAHIHISHO YA DOKEZO LA 3 NOVEMBA
Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anayeanza likizo Jumatatu 1 Desemba anarudi kazini Jumatatu 29 Desemba. Dokezo nililotoa 3 Novemba lilieleza hesabu hii kimakosa. Kosa ni langu, naomba radhi, na dokezo hili linachukua nafasi yake. Utaratibu wa kujaza fomu haujabadilika. Waliokwishajaza, naomba tuonane kabla ya Ijumaa saa 10 jioni."

Ule mfano wa tarehe usiuache. Neno "mfululizo" kila mtu atalitafsiri anavyopenda, lakini 29 Desemba haina ubishi. Na saini iwe yako. Akisaini bosi, watasema umevuliwa mamlaka.

FundiGongolamboto
Kwetu walibadilisha zamu, wakasahihisha, kisha wakasahihisha masahihisho, yote ndani ya siku mbili. Mwisho tukawa tunamuuliza mlinzi getini. Kabla hujabandika, mpe mtu wa ghalani alisome, akuambie likizo yake inaisha lini. Akikosea, karatasi bado haijaiva.

MamaMasjala
Hapo umenena. Na wale wanne waone kwanza, ana kwa ana, wasikutane nalo ubaoni.

KijanaWaTemeke
Sawa mama, la namba nimekuelewa. Ila huyo dereva aliahidiwa kwa maandishi. Na sheria inasema siku zisipungue 28, haikatazi mwajiri kuzidisha. Si apewe tu?

MamaMasjala
Hoja yake ipo, na mwanasheria anaweza kuibeba. Lakini hilo ni la bosi kuamua, lisiingie kwenye dokezo. Likiingia, kesho 60 watadai kama yeye.

KaraniWaTabata
Mrejesho: jana asubuhi niliwaona wote wanne, saa 4 nikabandika. Yule wa ghalani kwanza alinitajia Jumapili 28, kwa hiyo nikaongeza "siku ya mwisho ya likizo ni Jumapili 28 Desemba". Watatu wamebadilisha fomu. Dereva aliisoma mara mbili, akaikunja fomu yake akaiweka mfukoni, akaniuliza kama anaweza kuanza likizo mwishoni mwa Desemba ili harusi iingie ndani. Wiki ile madereva wawili tayari wameomba. Bosi kasema atanijibu Jumatatu.