Mrejesho: muhtasari wa makala ya Kijapani kwa meneja

Niliuliza: "Nina makala ya kiufundi ya Kijapani, kurasa 40, kuhusu uchovu wa chuma kwenye beringi. Meneja anataka ukurasa mmoja wa Kiswahili. Nianzie wapi?"

Asanteni sana wote mlionijibu. Nilianza na hitimisho, kisha majedwali na grafu, ndipo nikaandika moja kwa moja kwa Kiswahili bila kufuata sentensi moja moja. Imefaa: meneja alikuta jibu mstari wa kwanza, akaamua.

Onyo lenu kuhusu tarakimu ndilo lililookoa kazi. Kijapani huhesabu kwa makundi ya elfu kumi, kwa hiyo 120万回 ni mizunguko 1,200,000, si 120,000. Kila namba niliiandika kwa tarakimu kamili, nikailinganisha na mhimili wa grafu.

Ushauri mlionipa wa kutegemea ikisiri pekee haukufaa. Ikisiri ilisema beringi zinadumu zaidi, lakini kiwango cha joto la majaribio kilitajwa kwenye sehemu ya mbinu tu, na bila hicho meneja angeagiza kwa matumizi yasiyopimwa. Pia sentensi inayoishia と考えられる iandikwe "watafiti wanaona", kamwe isiwe "imethibitishwa".

Maandishi yaliyo ndani ya picha bado hayanakiliki. Nayachapa kwa mkono.