Maelezo ya picha ya Mzee kutimiza miaka 100

Mpwa (Mwanza): Shikamooni wazazi wangu. Picha ya Mzee, Mama, Kaka na mtoto imetoka vizuri, na mwenye studio anasubiri maneno ya kuchapa chini yake. Nimeandika hivi: "Babu yetu ametimiza miaka 100 akiwa na vizazi vinne, tarehe 1 Julai 2026." Naomba mnisahihishe kabla sijayapeleka.

Mjomba (Dodoma): Marahaba. Hapo umetupunguza, mwanangu. Mjukuu wangu alijifungua mwaka jana, na mtoto huyo ni kilembwe wa Baba, kwa hiyo vizazi ni vitano. Nitaumia nikiona mtoto wetu ameachwa nje ya historia ya ukoo.

Mama Mkubwa: Kaka, hakuna anayemwacha, nasi sote tulimfurahia. Lakini maelezo ya picha husema yaliyomo ndani ya picha. Humo yumo Baba, yumo binti yake ambaye ni mdogo wangu, yumo mjukuu wake, na amepakatwa kitukuu wake. Basi ni vizazi vinne, Baba mwenyewe akiwa wa kwanza. Ukiandika vitano, atakayeitazama baada ya miaka thelathini atamtafuta mtu wa tano na kudhani picha imekatwa. Tuandike "vizazi vinne vya ukoo wake", kisha mkileta kilembwe tupige nyingine.

Mjomba (Dodoma): Nimekuelewa, ila hiyo nyingine ipigwe kweli, maana Baba hatungojei.

Mjomba (Geita): Mimi nasimama kwenye mwaka. Baba husema mama yake alimbeba mgongoni kwenda kutazama treni ya kwanza ikiingia Mwanza. Reli ilijengwa na Wajerumani, nao waliondoka wakati wa Vita ya Kwanza, kwa hiyo Baba amevuka miaka 100 siku nyingi.

Mama Mkubwa: Wajerumani walijenga reli ya kati, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kuja Mwanza lilikamilika mwaka 1928, chini ya Waingereza. Mtoto wa kubebwa mgongoni safari yote ile hazidi sana miaka miwili, jambo linaloturudisha kwenye 1926 au karibu yake. Cheti chake cha ubatizo ninacho mimi: alibatizwa mtu mzima mwaka 1948, na padri aliandika kwamba umri wake unakadiriwa kuwa miaka 22. Padri hakuwa na habari za treni, wala bibi yetu hakuwa na habari za cheti, na bado njia zote mbili zinakutana mwaka uleule. Mwaka huo nauandika bila wasiwasi. Siku na mwezi ndivyo vinavyonisumbua, kwa sababu tarehe 1 Julai ilijazwa alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha Taifa, baada ya yeye kusema tu kwamba alizaliwa wakati wa mavuno.

Mjomba (Geita): Mavuno na Julai havipishani sana. Serikali imeshaiandika, nasi tuiandike.

Mama Kitukuu: Shikamooni. Naomba kuuliza jambo dogo. Mkipanga majina "kutoka kushoto", Mzee akiwa wa kwanza na mtoto wa mwisho, mbona katika picha iliyotumwa humu mtoto wangu yuko kushoto, na maandishi ya kanga ya Mama yanasomeka kinyumenyume?

Mpwa (Mwanza): Asante sana, Shemeji. Nilitumia kamera ya mbele ili wajione, nayo imeigeuza picha kama kioo. Nitaigeuza upya mpaka kanga isomeke, ndipo nipange majina kwa upande wa mtazamaji.

Mama Mkubwa: Na majina yawe kamili, wala usiandike "Babu" peke yake, kwa kuwa atakayeisoma kesho huenda naye ana babu yake. Mimi ningeandika hivi:

"Mzee wetu (jina kamili), aliyezaliwa Usukuma mwaka 1926 wakati wa mavuno, katika maadhimisho ya miaka 100 ya maisha yake, nyumbani kwake Mwanza, Julai 2026. Vizazi vinne vya ukoo wake, kutoka kushoto: Mzee mwenyewe, binti yake (jina), mjukuu wake (jina), mwana wa binti huyo, na kitukuu wake (jina), aliyepakatwa na baba yake."

Mjomba (Dodoma): Yamekaa vizuri. Je, Mama yetu marehemu hatajwi? Watoto wa Baba hawakutoka hewani.

Mama Mkubwa: Umesema kweli, Kaka, na nimeguswa. Baada ya "binti yake" tuongeze "aliyemzaa na marehemu mkewe", pamoja na jina la Mama.

Mjomba (Geita): Niko nanyi, ila bado nataka tarehe 1 iwemo.

Mpwa (Mwanza): Jioni nitamsomea Mzee maneno yote, pamoja na suala la tarehe, aamue mwenyewe. Studio nimewaomba wangoje hadi kesho.