Mrejesho: gridi ya ETH/USDT

Niliuliza: “Gridi inanunua na kuuza kutwa nzima, mbona salio haliongezeki?”

Ahsanteni wadau, hasa wa Ngamiani. Ngazi za dola 5 zilikuwa finyu mno: makato ya 0.1% kununua na 0.1% kuuza yalimeza faida yote. Nilizipanua hadi dola 20, kati ya 2,400 na 2,600, mtaji dola 500. Kila mzunguko wa dola 50 ukabakiza senti 30 hivi. Mizunguko 40, dola 12.

Kisha bei ikaporomoka. Gridi ilinunua kila ngazi hadi mtaji wote ukawa ETH, wastani 2,470. Amri ya kukata hasara mliyoshauri, 2,350, ikafunga kwa hasara ya dola 24. Kwa 2,390 ingekuwa 16, ila hapo mkia mmoja wa mshumaa unakutoa bure.