Sifuri za mwanzo zinapotea kila nikifungua CSV, nifanyeje?

Karani_wa_Orodha: Wakuu, naomba msaada. Nimeletewa orodha ya wanachama ya CSV, nikaibofya mara mbili ikafunguka kwenye Excel, nikasahihisha majina mawili, nikasevu. Mfumo umeikataa. Msimbo 00457 umebaki 457. Nikabadilisha safu iwe Text, bado 457. Nikaweka umbo la 00000, sifuri zikarudi, nikasevu. Leo nimefungua, hazipo tena! Namba za utambulisho ndiyo balaa: 0412345678901234 sasa inasomeka 4.12346E+14.

Pilipili_Kali: Zungushia alama za nukuu kila msimbo, yaani "00457". Excel itajua ni maandishi.

Fundi_Jedwali: Hapana ndugu, nukuu zinalinda mkato ulio ndani ya neno tu. Excel inazivua, kisha inaona namba. Karani, faili uliyosevu kwa umbo la 00000 ifungue kwa Notepad. Utazikuta sifuri, kwa sababu Excel huandika kwenye CSV kile kinachoonekana kwenye seli. Zinaliwa unapoifungua upya, maana CSV haibebi umbo la seli. Kuweka Text baadaye ni kuchelewa, sifuri zimeshaondoka.

Fungua kitabu kitupu, nenda Data > From Text/CSV, chagua faili, bonyeza Transform Data. Kwenye kichwa cha safu ya msimbo bonyeza alama ya aina, chagua Text, na ukiulizwa chagua Replace current. Fanya hivyo kwa utambulisho pia, kisha Close & Load. Sahihisha majina, sevu kama CSV kwa jina jipya, halafu hakiki kwa Notepad, usihakiki kwa Excel.

Ila zile za E+14 usijaribu kuzifufua. Ulipozisevu, tarakimu za mwisho zilifutika kabisa. Omba faili la awali.

Mama_Stoo: Mimi za bidhaa nilizirudisha kwa fomula hii:

```
=TEXT(A2,"00000")
```

Ikanigharimu, kwani nilikuwa na 0123 na 00123, bidhaa mbili tofauti. Zote zikawa 00123.

Fundi_Jedwali: Ndiyo, fomula hiyo inafaa pale tu misimbo yote ina urefu mmoja.

Bwana_Safu: Kwenye LibreOffice dirisha la kuingiza linatokea lenyewe. Bofya safu, Column type weka Text, basi.

Karani_wa_Orodha: Asanteni sana. Faili la awali bado liko kwenye barua pepe, nimelipitisha Data > From Text/CSV na Notepad inaonyesha 00457 na utambulisho wote tarakimu 16. Sasa mwenzangu naye hulibofya mara mbili na kusevu. Nimzuieje?

Fundi_Jedwali: Kwenye Excel mpya kuna File > Options > Data, sehemu ya Automatic Data Conversion, unaondoa tiki ya kufuta sifuri za mwanzo na ile ya namba ndefu. Lakini ni kwa kompyuta yake tu. Anatumia toleo gani?

Karani_wa_Orodha: La zamani kidogo, sehemu hiyo haipo. Labda nimpe .xlsx, CSV niitoe mwenyewe.