PPR, CPVC au shaba kwa maji moto ya sola? (Nakuru)

MjengoLanet
Wakuu, ninamalizia nyumba hapa Lanet. Juu ya paa kuna sola ya lita 200 ya mirija ya kioo, ile isiyo na presha. Kutoka kwenye tangi lake hadi bafuni ni kama mita 8, nyingi zikipita chini ya mabati. Fundi anataka bomba la plastiki la PPR mwanzo hadi mwisho. Shemeji anasema shaba tu. Hadiwea nao wamenionyesha CPVC, plastiki nyingine ya kugundishwa, eti haihitaji mashine ya kuchomea. Nimsikilize nani?

KijanaWaSaiti
PPR yenye mstari mwekundu, usihangaike. Nyekundu ni ya moto, bluu ni ya baridi. Shaba utawawekea wezi wa vyuma chakavu.

PlambaKondele
Kwa wezi uko sawa, kwa mstari hapana. Mstari ni rangi tu, soma maandishi ubavuni. Tafuta PN20, hilo ndilo daraja la presha. Bomba la milimita 25 la PN20 lina unene wa milimita 4.2, la PN10 lina 2.3. Likikatwa mbele yako utaona tofauti kwa macho.

Sasa joto. PPR imetengenezwa kubeba maji ya nyuzi 70 kwa miaka mingi, lakini sola ya mirija haijui kusimama hapo. Mkienda ushago wikendi na jua liwake, maji yatakaribia kuchemka, na kwa mwinuko wa Nakuru hiyo ni karibu nyuzi 94. Bomba halitapasuka, kwa sababu hapo kinachosukuma ni uzito wa maji peke yake. Tangi likiwa mita 3 juu ya shawa, hiyo ni kama 0.3 bar tu. Shida ni kwamba linalegea na kurefuka. Chukua mita zako 8, joto lipande kutoka 20 hadi 70: PPR ya kawaida inaongezeka sentimita 6, CPVC kama 2.5, shaba haifiki hata 1. Fundi akiibana PPR kwa klipu kila upande, itajipinda kama nyoka na kuvuta elbo. Aiachie nafasi kwenye kona, klipu ziruhusu bomba kuteleza. Ile yenye tabaka la nyuzi za kioo katikati hurefuka takriban theluthi ya hiyo, na ndiyo ningenunua.

Ingekuwa yangu: mita moja na nusu ya kwanza shaba, halafu PPR.

MamaWaKakamega
Mbona mnajitia gharama? Mimi nina shawa ya umeme, bomba ni PVC ya kawaida na sijaona shida yoyote.

PlambaKondele
Mama, yako inapasha maji palepale juu ya kichwa, kwenye bomba hupita baridi. Ukiunganisha PVC hiyo na sola, italegea.

DadaPlamba_Nakuru
Mimi naogopa viungo kuliko bomba. PPR huchomwa kwa nyuzi 260. La 25 ni sekunde 7 kwenye mashine, kisha unalisukuma moja kwa moja bila kulizungusha. Fundi akizidisha muda au akisukuma mno, plastiki iliyoyeyuka inafanya pete ndani na kuziba njia. Kwenye laini ya pampu hutagundua. Kwa 0.3 bar, shawa itatiririka kama machozi na utailaumu sola. Mwambie achome soketi moja ya majaribio, aipasue kwa msumeno kwa urefu, muangalie ndani pamoja. Na stima ikicheza asichome, mashine inapoa bila yeye kujua.

CPVC si mbaya, inavumilia joto kuliko PPR. Lakini lazima gundi yake yenyewe, siyo ya PVC, na asifungulie maji moto siku hiyohiyo. Viungo vyake vya kukaza kwa kuzungusha, ukivikaza sana vinapasuka.

Shaba hapo mwanzo sioni haja, kwa presha hiyo. Tena mkiiweka, isifuatwe na bomba la mabati mbele yake, itakula zinki.

PlambaKondele
Dada, shaba naiweka kwa sababu ya zile wikendi. Kiungo kilicho karibu na tangi ndicho nimeitwa kubadilisha mara nyingi.

DadaPlamba_Nakuru
Na mimi viungo nilivyoitwa kubadilisha vilikuwa vimechomwa vibaya tangu siku ya kwanza. Hapo hatutakubaliana.

MjengoLanet
Asanteni. Kuna jambo sikusema: mke wangu anataka pampu ndogo kwenye laini ya moto, shawa iwe na nguvu.

PlambaKondele
Basi futa hesabu yangu ya 0.3. Nyuzi 90 zikikutana na bar 2 si mchezo kwa PPR. Pampu iwe ya maji moto, na hapo CPVC au shaba yote. Weka pia valvu ya kuchanganya kabla ya bafu, watoto wasiungue.

KijanaWaSaiti
Mshike bei ya hiyo pampu kwanza.