Mjadala: Niuze baiskeli nilipe rubuni ya pikipiki, au nianze madafu?

Kijana wa Kisauni: Niko hapa Mombasa, nina baiskeli ya chuma yenye karia, mwenyewe ni mzima wa miguu, na nyumbani wanataka pesa kila jioni. Marafiki wananiambia niiuze, nilipe rubuni ya pikipiki ya mkopo niingie steji. Mjomba anasema niuze madafu. Nani ana haki?

Mzee wa Madafu: Mjomba wako. Deni la pikipiki halijui kwamba leo mvua imenyesha. Tuseme unaanza na madafu thelathini. Usipite hapo mwanzo. Dafu moja ni kama kilo mbili, kwa hiyo tayari umebeba kilo sitini, na ukizidisha spoku ndizo zinazolia. Ukichukua shambani upande wa Mtwapa kwa shilingi 25, umetoa 750. Uza kwa 60. Tuseme matatu yanapasuka au hayana mteja, yanabaki 27, yaani 1,620. Toa mtaji, toa 200 ya chakula, toa 100 uiweke pembeni ya tairi na spoku. Unafika nyumbani na 570. Ukiuza kumi na tano tu, unarudi na 900: mtaji wako umerudi na 150 juu, hiyo haitoshi hata chakula chako. Ila yaliyobaki utayauza kesho.

Dereva wa Bombolulu: Steji mimi naingiza zaidi ya hiyo kwa siku nzuri. Halafu pikipiki ikiwa yako huhitaji makaratasi mengi, bima ya kawaida inatosha.

Fundi wa Mikindani: Hapo kwenye mapato umesema kweli, kwenye bima hapana. Ukibeba abiria wa kulipa, bima iwe ya biashara hiyo, na leseni iwe ya daraja A3. Ile A2 ni ya kuendesha pikipiki yako tu. Ajali ikitokea ndipo kampuni inakuuliza yule wa nyuma alikuwa nani, na alikuwa amelipa au la.

Dereva wa Bombolulu: Sawa, nimesikia. Lakini si kila siku kuna ajali.

Mama Samaki wa Likoni: Jamani, mimi nahitaji kijana wa kunichukulia samaki alfajiri kabla barafu haijayeyuka. Anayetaka aje na baiskeli, nampa makubaliano ya kila siku.

Kijana wa Kisauni: Mama, shikamoo. Mimi niko Kisauni, kuvuka feri alfajiri itanishinda. Mzee, nitajuaje dafu zuri? Mkwezi akiniangushia tu nitapokea kila kitu.

Mzee wa Madafu: Usikubali kuangushiwa. Kole lishushwe kwa kamba, maana dafu likianguka linapata ufa usiouona, na kesho maji yamechacha. Chukua moja ulitikise sikioni. Likiwa limejaa halisemi kitu. Ukisikia maji yanacheza, hilo limeshaanza kuwa koroma: nyama ni ngumu, na mteja wa madafu atakurudishia. Tazama na pale kwenye kikonyo. Pakiwa pamekauka na kuwa peusi, limekaa siku nyingi. Yasafirishe yakiwa kwenye kole, usiyakate mojamoja, na uyafunike gunia bichi juani. Siku ya tatu yauze yote hata kwa bei ya chini.

Msomaji wa Tudor: Na maganda? Wauzaji wanatuachia maganda mtaani, maji ya mvua yanatuama ndani, mbu wanazaliana humo. Ndiyo sababu kanjo wanawafukuza.

Mzee wa Madafu: Uko sahihi kabisa, dada. Beba gunia tupu na uondoke na maganda yako. Mimi hupeleka kwa mama mmoja anayeyakausha kuwashia moto, hanilipi, lakini hakuna anayenifukuza kwenye pembe yangu.

Fundi wa Mikindani: Ramadhani je? Mchana nani atakunywa?

Mzee wa Madafu: Mchana huuzi, lakini kuanzia alasiri watu wanabeba ya kufuturia. Unatoka saa tisa badala ya saa tatu. Masika ndiyo yanayoumiza. Siku za mvua nachukua kumi na tano tu, wala sikopi mtaji.

Dereva wa Bombolulu: Basi hapo ndipo tunapotofautiana. Mvua ikinyesha mimi napandisha nauli, wewe unakaa nyumbani. Kijana achukue pikipiki.

Msomaji wa Tudor: Na ile siku ya kulipa mkopo ikiangukia mvua ya siku tatu, abiria wote wamepanda tuktuk?

Dereva wa Bombolulu: Nalipa. Nimekuwa nikilipa.

Kijana wa Kisauni: Jumatatu nitaenda shamba na pesa ya madafu ishirini. Baiskeli siuzi kwanza. Mzee, yule mkwezi analipwa kwa mti au bei ya dafu inamhesabu?

Mzee wa Madafu: Inategemea mwenye shamba. Uliza kabla hajapanda.